UMEMKUTA MWALIMU MWENZAKO ANAPIGA WANAFUNZI: KUNYAMAZA SI KUMSITIRI



Ndugu zangu, walimu wengi mko kwenye ukurasa huu, na swali la leo ni lenu. Limeletwa na mwalimu wa kike anayefundisha sekondari ya serikali Tanzania Bara. Nimebadilisha mambo machache ili asijulikane, lakini kiini cha tukio nimekiacha kama kilivyo.

Anasema alikuwa anapita karibu na stoo ya shule baada ya kipindi cha mwisho, akasikia mtoto analia. Akasukuma mlango. Ndani akamkuta mwalimu wa nidhamu na wanafunzi 6 wa Kidato cha Pili, wavulana 4 na wasichana 2. Kosa lao ni kupata chini ya alama 30 kwenye jaribio la hesabu. Mwalimu yule alikuwa na kipande cha mpira wa maji mkononi, na msichana mmoja alikuwa amelala kifudifudi, anapigwa mgongoni na kwenye mapaja. Mwalimu akageuka akamwambia: "Dada, funga mlango, hawa tunawanyoosha." Yeye akafunga mlango, akaondoka.

Sasa anauliza mambo mawili. La kwanza, kazi yake inamtaka afanye nini? La pili, na hili ndilo linalomkosesha usingizi, je, akimripoti mwenzake si atakuwa amemfedhehesha Muislamu ambaye dini imeamrisha asitiriwe? Maana yule mwalimu wa nidhamu ni mtu wa swala, wanaswali naye msikiti mmoja.

Nitaanza na la kwanza, kwa sababu bila kulielewa hilo, la pili tutalijibu kwa hisia tu.

Watu wakisikia habari ya fimbo shuleni hukimbilia mjadala wa kama fimbo inafaa au haifai. Mjadala huo una mahali pake, na mimi nina rai yangu. Lakini mwalimu aliyesimama mlangoni haulizwi hilo. Anaulizwa: hiki unachokiona ni adhabu inayotambuliwa na kanuni, au ni mtoto anaumizwa? Kwa Tanzania Bara jibu halihitaji kubahatisha, kwa sababu fimbo haikuachwa huru kama wengi wanavyodhani.

Zipo Kanuni za Elimu za Adhabu ya Viboko za mwaka 2002, tangazo la serikali namba 294, zilizotungwa chini ya Sheria ya Elimu ya 1978. Kanuni hizi zinaruhusu viboko, ni kweli. Lakini zisome uone zilivyoibana ruhusa hiyo. Adhabu ya viboko ni kwa kosa kubwa la nidhamu, au kosa zito linaloweza kuiletea shule sifa mbaya. Viboko visizidi 4 kwa tukio moja, na hata hivyo mwalimu atazame uzito wa kosa, umri wa mtoto, jinsia yake na afya yake. Anayechapa ni mkuu wa shule, au mwalimu aliyepewa idhini na mkuu kwa maandishi, na hata huyo mwenye idhini lazima apate kibali cha mkuu kila mara anapotaka kuchapa. Mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike au mkuu wa shule, isipokuwa pale ambapo shule haina mwalimu wa kike kabisa. Kinachotumika ni fimbo nyepesi inayopinda, na mahali pa kuchapa ni mkononi au kwenye makalio yaliyovikwa nguo za kawaida. Chombo kingine chochote na sehemu nyingine yoyote ya mwili, kanuni imevitoa nje ya maana yenyewe ya adhabu ya viboko.

Ngoja nirudie hilo la mwisho, kwa sababu ndipo walimu wengi wanapojidanganya. Ukimpiga mwanafunzi kwa mpira wa maji, kwa waya, kwa mkanda au kwa kofi, usiseme umetoa adhabu ya viboko kwa ukali kidogo. Kwa mujibu wa kanuni, hiyo si adhabu ya viboko hata kidogo. Umempiga mtu.

Kisha kuna jambo dogo ambalo ni kubwa: daftari. Kila adhabu ya viboko lazima iandikwe kwenye daftari maalumu: jina la mwanafunzi, kosa lake, idadi ya viboko, na jina la mwalimu aliyechapa. Mkuu wa shule anatia saini kila ingizo. Mwalimu yeyote anaweza kupima shule yake kwa daftari hili. Ukikuta shule ambayo watoto wanachapwa kila asubuhi na daftari limeandikwa mara 2 tu tangu Januari, basi umeshajua kwamba karibu kila fimbo inayopigwa pale ipo nje ya kanuni. Na ukiuliza daftari liko wapi ukaona watu wanatazamana, nalo ni jibu.

Sasa turudi stoo. Kufeli jaribio la hesabu si kosa kubwa la nidhamu. Mpira wa maji si fimbo nyepesi. Mgongo na mapaja si mkono wala makalio. Mwanamume alimpiga msichana ilhali mwalimu wa kike yupo, kasimama mlangoni. Kibali cha mkuu kwa siku ile hakikuwepo, maana mkuu alikuwa wilayani kikazi, na daftarini hakikuandikwa kitu. Idadi ya viboko dada yetu hakuihesabu, na wala haihitajiki ili kujua kanuni imevunjwa. Kwa hiyo hata anayeamini kwa dhati kwamba fimbo inalea hawezi kulitetea tukio hili. Hili ndilo ninalotaka walimu mlishike: huhitaji kwanza kumaliza mjadala wa fimbo ndipo ujue wajibu wako.

Wajibu huo unatoka sehemu mbili. Moja ni maadili ya kazi ya ualimu, ambayo humtaja mwalimu kuwa na wajibu kwa mtoto, kwa jamii, kwa taaluma yake, kwa mwajiri na kwa taifa. Angalieni nani katangulia. Mwenzako wa ofisini anaingia kwenye wajibu wa taaluma, naye ana haki zake, lakini mtoto yuko mbele yake. Ya pili ni Sheria ya Mtoto ya 2009. Kifungu cha 13 kinakataza kumtesa mtoto au kumpa adhabu ya kikatili, na kinasema hakuna kumrekebisha mtoto kunakokubalika ikiwa kumepita kiasi kwa aina au kwa kiwango, ukitazama umri wake na hali yake. Na kifungu cha 95 kinamwambia mtu yeyote katika jamii mwenye ushahidi au taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa, ni wajibu wake kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa ya eneo hilo. Kama ni wajibu wa muuza mkaa wa jirani, vipi mwalimu aliyeona kwa macho yake?

Ndugu zangu wa Kenya, kwenu mambo ni mepesi zaidi kuyaeleza. Viboko shuleni vilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013, kifungu cha 36, inampa anayempiga mwanafunzi faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili. Hakuna kuhesabu viboko wala kutafuta daftari. Yanayofuata hapa chini yanawahusu hata hivyo, kwa sababu shahidi wa Mombasa na shahidi wa Morogoro wana mtihani mmoja.

Basi dada yetu afanye nini? La kwanza lilikuwa pale pale mlangoni, nalo ni kuusimamisha mkono. Haihitaji ugomvi. Ilitosha kusema: "Mwalimu, naomba uache. Hawa watoto nawachukua." Kumkosoa mwenzako mbele ya wanafunzi ni jambo ambalo walimu tunaambiwa tuliepuke, na ni adabu nzuri ikiwa amekosea tarehe ubaoni. Lakini adabu hiyo haifiki hadi kumwachia mtoto aendelee kupigwa. Wapo watakaosema yeye ni mwajiriwa mpya, bado yuko kwenye muda wa majaribio, angethubutu vipi? Nawaelewa. Ndiyo maana nasema sentensi moja tu. Wakati mwingine mtu kuona ameonekana kunatosha mkono kushuka.

Hilo limeshapita. Linalofuata bado liko mikononi mwake, nalo ni hali ya watoto. Kabla ya barua na kabla ya kikao, mtoto atazamwe. Mtoto aliyepigwa sana kwenye misuli mikubwa ya mgongo na mapaja, mkojo wake ukiwa wa rangi ya kahawia kama chai au soda nyeusi, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Misuli iliyopondeka humwaga vitu kwenye damu vinavyoweza kuharibu figo. Aliyepigwa kichwani akatapika, akawa na usingizi usio wa kawaida, au akatokwa na damu sikioni, naye hasubiri kesho. Mwenye pumu, mwenye selimundu, mwenye kifafa, waangaliwe kwa makini zaidi, na ndiyo maana kanuni ilitaja afya. Kama kuna majeraha, polisi hutoa fomu ya PF3 inayokwenda na mtoto hospitali, na daktari anaijaza alichokiona. Fomu hiyo ina uzito kuliko maelezo ya watu 10. Ila mtoto aliye hatarini apelekwe kutibiwa, fomu ifuate. Na mzazi aambiwe leo, na shule yenyewe, asije akaambiwa na jirani.

Azungumze na watoto wale, lakini asiwahoji kama polisi. "Niambie ilikuwaje" inatosha. Ukimuuliza mtoto "alikupiga mara 15, sivyo?" umeshaharibu ushahidi, kwa sababu sasa ile 15 ni yako wewe.

Kisha aandike. Akae jioni ile ile aandike alichokiona na kukisikia yeye mwenyewe: tarehe, saa, mahali, nani walikuwepo, chombo gani, sehemu gani za mwili, maneno gani yalisemwa. Asiandike "mwalimu huyu ni mkatili" wala "huwa anafanya hivi siku zote" ikiwa hajaona siku zote. Aandike pia kwamba alifunga mlango akaondoka. Hili litamuuma, lakini ripoti inayomficha mwandishi wake haitaaminika kwa yaliyobaki.

Barua hiyo anampa mkuu wa shule, anabaki na nakala. Mkuu ndiye mwenye daftari, ndiye anayetoa idhini, na ndiye mwenye mamlaka ya kumchukulia hatua mwalimu kwa makosa mepesi, kama onyo au karipio. Makosa mazito yanakwenda Tume ya Utumishi wa Walimu, kupitia ofisi yake ya wilaya. Kule mtuhumiwa anaandikiwa mashtaka yake, anapewa nafasi ya kujitetea, na akishindwa ana haki ya kukata rufaa. Nalitaja hili kwa makusudi. Dada yetu anadhani akiandika barua amemfukuza mtu kazi. Hapana. Yeye anatoa ushahidi, wenye mamlaka watapima, na yule mwalimu atasikilizwa. Huenda ikaja kuonekana alikuwa na mzigo wa vipindi 30 kwa wiki na madarasa ya watoto 90, na hakuna aliyemfundisha njia nyingine ya kuwashika. Hayo yatasemwa mahali pake. Hayafuti alama za mgongoni, lakini yanaweza kuamua apewe onyo na mafunzo au aondolewe.

Na kama mkuu atasema "yaishe hapa hapa"? Au kama mkuu ndiye mwenye mpira? Basi barua inapanda: Afisa Elimu Kata, Afisa Elimu Sekondari wa wilaya, ofisi ya Tume wilayani. Kwa upande wa mtoto kuna afisa ustawi wa jamii, kuna Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, na kuna simu ya bure 116 ya kusaidia watoto. Mtoto akiwa ameumia, milango hii haisubiri mkuu akatae kwanza.

Mnakumbuka tukio la Mbeya la mwaka 2016? Walimu waliokuwa kwenye mafunzo kwa vitendo walimshambulia mwanafunzi wa kidato cha tatu ndani ya ofisi ya walimu, video ikasambaa nchi nzima. Wengi mnakumbuka walichofanyiwa wale waliopiga. Wachache mnakumbuka kwamba mkuu wa shule naye alivuliwa madaraka, na hakuwa ameinua mkono. Kilichomwondoa ni kutochukua hatua.

Kwa kuwa nimetaja video: msirekodi mkarusha kwenye makundi ya WhatsApp. Najua mnaona ndiyo njia ya haraka ya kupata haki. Lakini yule msichana aliyelala kifudifudi stoo atakuwa na umri wa miaka 30 na video hiyo bado itakuwa inazunguka. Kama ushahidi wa picha upo, upelekwe kwa wenye mamlaka na uishie huko.

Sasa swali la pili. Kusitiri.

Dada yangu, hadithi za kumsitiri Muislamu ni sahihi na tunazifundisha. Lakini wanavyuoni walipozifafanua walitenganisha dhambi iliyo baina ya mtu na Mola wake, na dhuluma inayomfika mtu mwingine na bado inaendelea. Ukimkuta mtu kateleza faraghani, msitiri, mnasihi. Ukimkuta amemshika mtu anampiga, ukimfungia mlango hujamsitiri yeye, umemsaidia. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alipotuamuru tumnusuru ndugu yetu hata akiwa dhalimu, masahaba waliuliza inakuwaje, naye akabainisha kwamba kumnusuru dhalimu ni kumzuia asidhulumu. Kwa hiyo kama unamtakia kheri jirani yako wa safu ya msikitini, kheri yake ni kusimamishwa kabla hajaua mtoto wa mtu.

Wala si ghiba. Imam Nawawi katika Riyadh as-Salihin amezitaja hali 6 ambazo kumtaja mtu kwa kosa lake kunaruhusiwa, na mbili zake ni kushtaki dhuluma kwa mwenye uwezo wa kuiondoa, na kutafuta msaada wa kubadilisha uovu. Lakini angalia sharti: kwa mwenye uwezo. Ukimwambia mkuu wa shule, umetoa taarifa. Ukiwahadithia walimu wenzako kwenye chai ya saa 4, hiyo ndiyo ghiba uliyokuwa unaiogopa. Ajabu ni kwamba shule nyingi hufanya kinyume: kila mtu anajua kwenye chai, na mezani kwa mkuu hakuna karatasi.

Najua kuna atakayekuja na hadithi ya kuwaamrisha watoto swala wakiwa na miaka 7 na kuwapiga wakifika 10. Hadithi hiyo inazungumza na wazazi, kuhusu swala, baada ya miaka 3 ya kufundisha kwa maneno. Haikuzungumzia alama 30 za hesabu. Na waliotutangulia katika kazi hii ya kufundisha walikuwa wagumu kwa fimbo kuliko sisi tunavyowadhania. Ibn Khaldun, aliyefariki mwaka 1406, ameandika katika Muqaddima sura nzima kwamba ukali kwa wanafunzi unawadhuru: unawafundisha uongo na hila, wanaonyesha nje kisichokuwa ndani kwa kuogopa mkono. Amemnukuu pia mwanachuoni wa Kimaliki aliyeandika hukumu za walimu na wanafunzi, kwamba mwalimu akilazimika kumpiga mtoto asizidishe mapigo 3. Matatu! Kanuni ya serikali imeruhusu 4, na stoo ile hakuna aliyehesabu.

Dada yangu, umesema tukio lilikuwa Jumanne iliyopita, na msichana yule hajaonekana shule tangu Jumatano. Basi barua isitangulie. Chukua mwalimu mwenzako wa kike mmoja, nendeni nyumbani kwao leo baada ya kipindi cha mwisho, mumtazame mgongo, mumuulize kuhusu mkojo wake, mzungumze na mama yake. Mkirudi, andika. Na usiku kabla ya kuipeleka kwa mkuu, ukiona nafsi inakuruhusu, mfuate yule mwalimu wa nidhamu baada ya Isha umwambie mwenyewe kwamba kesho barua inakwenda, na umwambie imeandikwa nini. Usimwombe ruhusa, wala usikubali akuombe uichane. Ila kama unahofia atakudhuru au atawatisha watoto, usimwambie kitu, peleka barua.

Wallahu aalam.